Mnara Unaona Ziwa Lakini Hauoni Kijiji

Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa kwenye mwalo, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ndiye aliyenieleza tatizo kabla sijawasha kompyuta. "Mwanangu, hiyo redio wanaume wanaisikia wakiwa ziwani. Wakirudi nyumbani inapotea, inabaki kukoroma tu." Redio yake ilitundikwa kwenye msumari mlangoni, na kweli ilikuwa inakoroma.

Mnara wenyewe haukuwa mbali. Ulikuwa mlimani juu ya kijiji hichohicho, haufiki kilomita 2 kwa mstari ulionyooka. Una urefu wa mita 40, na umesimama kwenye ardhi ya mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati ziwa liko karibu mita 770. Kamati ya redio ilikuwa imeshaanza kuchangisha fedha ili waongeze mita 20, na mimi niliitwa kuthibitisha kwamba zitatosha.

Hazikutosha, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye karatasi. Mlima ule juu ni tambarare kidogo, kisha unakatika ghafla kuelekea ziwani. Mnara ulijengwa pale barabara ilipoishia, mita 600 nyuma ya ukingo. Kutoka ukingoni hadi kijijini ni mita 1,200 kwa mlalo, na redio ya yule mama iko mita 218 chini ya ukingo. Gawanya 218 kwa 1,200, unapata 0.18. Maana yake, kwa kila mita 100 unazorudi nyuma ya ukingo, unahitaji kupanda mita 18 juu yake ili uione ile nyumba. Ukirudi mita 600, unahitaji mnara wa mita 109. Mita 60 ni bure. Ukiwa mita 200 tu kutoka ukingoni, zinatosha 36.

Hesabu hiyohiyo inaeleza wavuvi. Mstari unaotoka juu ya mnara wa mita 40 na kupita ukingoni unaufikia uso wa ziwa kama kilomita 2 kutoka ufukweni. Mtumbwi ukivuka hapo kuelekea katikati, redio inashika. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema "tunaipata ziwani, nyumbani hapana", usikimbilie kulaumu nguvu ya mtambo. Tafuta ukingo.

Karatasi inatosha kwa kijiji kimoja. Kwa vijiji vyote vinavyouzunguka mnara, tunaitumia kompyuta itupe ramani ya mwonekano: inapiga mstari kutoka kwenye antena hadi kila kipande cha ardhi na kuangalia kama kuna mlima unaoukata. Mimi hutumia data ya mwinuko ya SRTM au Copernicus, zote ni za bure na kila pikseli ni mita 30 hivi, pamoja na programu ya GDAL:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32735 -tr 30 30 -r bilinear kigoma.tif kigoma_utm.tif
gdal_viewshed -ox X -oy Y -oz 40 -tz 2 -md 40000 -cc 0.75 kigoma_utm.tif mnara.tif
```

X na Y ni mahali mnara ulipo, kwa mita za mfumo wa UTM uliowekwa na amri ya kwanza. `-oz` ni urefu wa antena kutoka ardhini, `-tz` ni urefu wa redio ya msikilizaji, na `-md` ni umbali wa mwisho kwa mita. Panapoonekana panapata 255, pasipoonekana 0. Hiyo `-cc` wengi huiacha ilivyo, na ikiachwa inachukua thamani ya mwanga wa macho. Mawimbi ya redio hupinda kuifuata dunia zaidi kidogo kuliko mwanga, ndiyo maana naweka 0.75. Kwa kilomita 30, dunia inakuficha karibu mita 53 ukihesabu hivyo, na mita 60 ukihesabu kwa macho. Kwa kijiji cha chini ya mlima haibadilishi kitu. Kwa vijiji vya mbali upande wa Kasulu inaweza kubadilisha.

Kosa linaloumiza zaidi ni la nukta yenyewe, yaani hizo X na Y. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, lakini GPS inakupa WGS 84. Ukisoma nukta kwenye ramani ya zamani ukaiingiza kama ya WGS 84, mnara wako unahama karibu mita 300. Umeona hapo juu mita 400 zinavyoamua. Kila mara naifungua nukta juu ya picha ya setilaiti na kuangalia kama imekaa juu ya mnara wenyewe.

Baada ya kuona eneo lisiloonekana, sikujaribu sehemu mpya za mnara kwa kubahatisha. Niligeuza kazi. Mstari wa kuona hauna upande: kama mnara unakiona kijiji, kijiji kinauona mnara. Nikaweka nukta kijijini, nikaandika `-oz 2 -tz 40`, na ramani ikanionyesha kila mahali mlimani ambapo mnara wa mita 40 ungeonekana kutoka pale. Nilifanya hivyo kwa nyumba za mwaloni, za katikati na za shuleni, kwa sababu nukta moja ya ofisi ya kijiji haiwakilishi nyumba zilizotawanyika bondeni. Kisha nikajumlisha ramani zote. Ukanda uliobaki ulikuwa mwembamba, ukifuata ukingo.

Hapo ndipo sikuiamini kompyuta peke yake. Pikseli ya mita 30 inalainisha ukingo mkali, na data hizi zinabeba pia sehemu ya urefu wa miti. Ukingo ukiwa na miti ya mita 10, zile mita 36 zinakuwa 48. Tulipanda na kijana mmoja wa kijijini aliyebeba kioo cha kunyolea. Alisogea hatua kwa hatua kuelekea ziwani huku akimulika jua, na mwenzake kule chini akapiga simu alipouona mmweko. Pale mmweko ulipoanza kuonekana ndipo ukingo halisi ulipo, nami nikapima kwa GPS. Ulikuwa mbele kidogo ya ule wa kwenye data ya kompyuta, na miti yake ilikuwa vichaka tu.

Jambo moja ramani hii haisemi. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, hayapiti kwenye uzi mwembamba. Kwa kijiji kilicho kilomita 30, mstari unahitaji nafasi wazi ya karibu mita 90 chini yake katikati ya njia. Kikionekana kwa kugusa tu kilele, kinapoteza kama desibeli 6, yaani robo tu ya nguvu ndiyo inayofika. Pale mwaloni tulipita ukingo kwa mita 3 tu, lakini umbali ni kilomita 1.4, mawimbi bado yana nguvu. Kijiji cha mbali kinachoonekana kwa mita 3 mimi nakiandika "huenda", sikiandiki "ndiyo".

Mnara ulihamishwa mita 400, vyuma vilevile, saruji ikipandishwa kwa bodaboda na hatua za mwisho kwa kichwa. Upande wa mashariki tulipoteza kibonde kimoja chenye nyumba chache, na kamati ilikubali baada ya kuziona ramani mbili kando kwa kando. Mwaloni sasa redio inashika ndani ya nyumba. Nyumba zilizobanana chini kabisa ya genge bado hazioni kitu, na kwa mnara wowote wa juu ya mlima ule hazitaona. Hizo tunazipimia kilima kidogo cha upande wa pili wa ghuba, nikianzia tena kwa nukta iliyo mlangoni mwao.