Swali la Pili

*"Mama, wiki hizi za mwanzo za kuchumbiana nimuulize maswali gani nijue moyo wake ukoje, na kama ni mtu wa kuchekesha? Au yale 36 niliyokutumia yanatosha?"*

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Baba yako hajambo, goti ndilo linalomsumbua, na bado hataki kusikia habari ya fimbo.

Yale maswali 36 nimeyasoma yote. Ni mazuri. Lakini ujue yalitungwa kwa kazi gani. Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake waliyatoa mwaka 1997. Waliwakalisha watu wawili wawili wasiojuana, wakawapa muda wa kama dakika 45 na mafungu matatu ya maswali, kila fungu likiingia ndani zaidi ya lililotangulia, na kila swali likijibiwa na wote wawili. Walitaka kuona kama ukaribu unaweza kuzaliwa kati ya wageni, na ulizaliwa. Ila kuwa karibu na mtu si kumjua mtu. Ukimfungulia mtu moyo naye akakufungulia wake, utamwona mwema kwa sababu umejisikia vizuri mbele yake. Yatumie, lakini usiyafanye mizani.

Mimi ninalolijua ni lile ulilolisikia tangu mdogo: swali la pili ndilo swali. La kwanza ni hodi tu.

Uliniambia ulimuuliza anathamini nini maishani, akajibu familia, uaminifu na Mungu. Sasa hilo ni jibu la nani? La kila mtu. Hata mwizi angejibu hivyo, wala asingekuwa anadanganya. Ukimuuliza mtu anaamini nini, atakupa hotuba. Ukimuuliza angefanya nini, atakupa hotuba ndefu zaidi. Muulize jambo lililokwisha kutokea: "Mara ya mwisho ndugu yako alipokuomba pesa nawe huna, ilikuwaje?" Hapo atakuwa hana budi kusimulia, na kisa kina watu ndani yake. Sikiliza hao watu wana majina au ni "jamaa mmoja" na "mwanamke fulani". Sikiliza nani aliumia, na yeye alikuwa amesimama wapi. Kisha akinyamaza, usikimbilie swali jingine la kwenye orodha. Muulize, "Kisha?"

Usimuulize "kwa nini". Mtu akiulizwa kwa nini hujitetea, hata kama hana kosa. "Ilikuwaje" humwacha aendelee.

Kisa cha yule bwana wa Mombasa unakijua nusu, kwa kuwa baba yako hupenda kukikatiza. Alikuja nyumbani kwetu Langoni, Lamu, kwa heshima zote, na mimi, nikwambie leo, nilikuwa nimempenda. Alikuwa na maneno mazuri na sauti ya kusikilizwa. Tuliketi kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, bibi yako kwenye kiti chake akisuka ukili, kichwa chini. Nikamuuliza ni jambo gani lililomchekesha karibuni. Akasema ni asubuhi ile ile, alipokuwa akishuka gatini. Maji yalikuwa yametoka, ngazi zina utelezi, na mchukuzi mmoja mzee akaanguka na gunia la unga, likapasuka, akainuka mweupe kuanzia utosini hadi miguuni. Alisimulia vizuri sana. Nilicheka. Hata bibi yako alitabasamu.

Halafu bibi yako, bila kuinua kichwa, akasema, "Kisha?"

"Kisha nini, mama?"

"Yule mzee. Kisha ikawaje?"

Akasema hajui, alikuwa na haraka.

Bibi yako hakusema neno. Alisuka tu. Mimi nikabaki natazama mikono yake na mwili umeniishia nguvu, maana nilikuwa nimeshalisikia nililolisikia. Unga wa mtu ulikuwa umemwagika, na mchukuzi ndiye atakayelipa.

Nimejibishana na nafsi yangu miaka mingi juu ya hilo. Pengine kweli alikuwa na haraka. Pengine alikuwa na woga, na mwenye woga husimulia kile anachodhani kitapendeza. Mtu kupimwa kwa gunia moja la unga ni dhuluma, ndivyo nilivyomwambia bibi yako usiku ule nikilia. Naye akanijibu, "Basi mpe swali jingine." Nikampa mengine, siku nyingine. Kila kisa chake kilikuwa na mtu aliyeanguka, na kila kisa kiliishia palepale pa kuanguka. Hapo nikanyamaza.

Baba yako alipokuja, swali lilikuwa lile lile. Akaeleza jinsi yeye na ami yako walivyobeba kitanda katika kichochoro na kukutana uso kwa uso na punda aliyebeba mawe. Kitanda hakirudi nyuma, punda ndiyo kabisa. "Kisha?" akauliza bibi yako. Ah, baba yako hakuhitaji kuulizwa mara mbili! Mwenye punda akachoka kubembeleza, akakaa juu ya kitanda. Wakamjua jina, wakajua mawe yanakwenda kwa mjane gani aliyebomokewa ukuta. Muuza kahawa akakwama nyuma yao, basi wakanywa kahawa. Mwishowe wakamshusha punda mawe, wakayabeba wenyewe hadi kwa yule mama, ndipo wakarudia kitanda. Alicheka mwenyewe hadi akashindwa kumaliza, na aliyechekwa zaidi katika kisa chote alikuwa yeye.

Kwa hiyo usiulize kama mtu ana ucheshi. Angalia kicheko chake kinamwangukia nani, na kama baada ya kicheko bado anamwona yule mtu.

Kuna mambo mawili zaidi. Nawe ujibu. Ukimuuliza matano mfululizo bila kutoa lako, atajiona yuko mbele ya hakimu, na mtu aliye mbele ya hakimu huchagua maneno. Na la pili, haya muulize kwa sauti, si kwa meseji. Kwenye meseji mtu ana nafasi ya kufuta na kuandika upya, na "kisha" yako ataijibu kesho akiwa ameshaipanga.

Na usione haya kufuatilia, ukidhani utaonekana mdadisi. Watafiti wa Harvard walilichunguza jambo hili mwaka 2017, hata kwenye mikutano ya dakika chache ya watu wanaotafuta wachumba, wakaona wanaouliza maswali ya kufuatilia ndio wanaopendwa zaidi. Bibi yako hangelishangaa.

Umeniuliza pia, chini kabisa, nimemwonaje. Sitasema. Sijamwona, nimemsikia kupitia kwako tu, na wewe ukipenda unapamba. Sitasema. Ingawa kile kisa cha kumwita mkuu wake wa kazi "mama" mbele ya mkutano mzima, na kukisimulia yeye mwenyewe, nilikisoma mara mbili, nikamsomea na baba yako. Basi, nimefunga mdomo.

Lakini hukunimalizia. Ulisema yule mwanamke alitoka chumbani huku wengine wakicheka. Kisha ikawaje? Alimfuata? Muulize, uniandikie.

Mama yako