Hoja ya ulalo: kwa nini hakuna programu ya kutabiri kusimama kwa programu zote

Wanafunzi wengi niliowaelekeza huikariri hoja hii bila kuona inapouma hasa, na mimi nilifanya vivyo hivyo kwa muhula mzima. Ushauri wangu ni kuchora jedwali kabla ya kugusa msimbo.

Kila programu ni mfuatano wa herufi wenye kikomo, kwa hiyo programu zote zinaweza kupangwa kwa urefu, na zenye urefu sawa kwa alfabeti, kisha zikapewa namba 1, 2, 3 na kuendelea. Ziorodheshe kwenda chini, kila moja na mstari wake, na juu ya jedwali andika namba zilezile, safari hii zikiwa data inayolishwa programu. Katika kila kisanduku weka S ikiwa programu ya mstari huo, ikipewa namba ya safu hiyo, hatimaye husimama, na Z ikiwa huzunguka bila mwisho.

Tuseme ulalo, yaani programu 1 ikipewa 1, programu 2 ikipewa 2 na programu 3 ikipewa 3, unasomeka S, Z, S. Ukigeuza kila herufi unapata Z, S, Z. Mstari huo mpya si wa 1, kwa kuwa unatofautiana nao katika safu ya 1. Si wa 2, kwa sababu ya safu ya 2. Na ndivyo ilivyo kwa kila mstari, hata jedwali lisipokuwa na mwisho. Georg Cantor alitumia mbinu hii mwaka 1891 kuhusu seti, na Alan Turing akaihamishia kwenye mashine za kukokotoa mwaka 1936.

Hadi hapa hakuna mgongano wowote, na ndipo wengi hukimbilia hitimisho. Mstari uliogeuzwa upo, ila hakuna programu yenye mwenendo huo. Mgongano huzaliwa mtu anapodai kuwa na programu H inayojaza kisanduku chochote kwa usahihi, maana hapo mstari uliogeuzwa unaandikika:

```python
def D(n):
    if H(n, n) == "S":
        while True:
            pass
    return
```

D nayo ina namba yake, tuseme 57. Endesha D(57). H ikijibu S, D inaingia kwenye kitanzi kisichoisha. Ikijibu Z, D inarudi papo hapo. Jibu lolote la H ni kosa, na kwa kuwa sehemu nyingine za D ni sharti na kitanzi vya kawaida, mshtakiwa ni H peke yake.

Kuendesha programu na kusubiri hakusaidii: kutathibitisha S siku moja, lakini Z haithibitiki kwa kungoja. Wala usidhani kwamba programu fulani moja ndiyo isiyotabirika. Kwa kisanduku kimoja, ama programu inayoandika S tu au inayoandika Z tu iko sahihi tayari. Kisichowezekana ni programu moja ya kujaza visanduku vyote.