Jibu la msomaji: kisima au tangi?

Swali la wiki: "Maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki. Nyumba yangu ya Dar, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, ina familia sita za wapangaji. Nichimbe kisima au niweke matangi, na niwatoze vipi?"

Weka matangi. Kisima kinatakiwa kikae walau mita 30 kutoka shimo la choo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata ukipima kona kwa kona, hakifiki hizo 30, na nyuma ya ukuta kuna shimo la jirani. Kisima kifupi kitavuta uchafu wa vyoo. Kirefu kina gharama kubwa na kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na sehemu nyingi za Dar kinaweza kuishia kwenye maji ya chumvi: sabuni haitoi povu, koki zinaota kutu, na mpangaji bado ananunua maji ya kunywa.

Familia sita za watu wanne ni watu 24. Kila mmoja akitumia lita 50, yaani ndoo mbili na nusu, ni lita 1,200 kwa siku. Siku tano kavu ni lita 6,000: tangi la 5,000 chini na la 1,000 juu ya mnara. Kabla hujanunua, kinga ndoo ya lita 20 usiku wa mgao. Ikijaa kwa dakika mbili, matangi yatahitaji saa kumi kujaa, kwa hiyo siku mbili zinatosha. Ikichukua dakika kumi, ni saa 50, na tangi kubwa halitakusaidia.

Tangi la chini likijaa lina tani tano. Likae juu ya zege lililo sawa. Jiwe moja tu chini yake hupasua kitako. Bomba la mtaa liingie kwa koki ya boya, kisha pampu ivute kutoka tangini. Usiifunge pampu kwenye bomba la mtaa, maana inanyonya maji machafu kupitia nyufa za bomba. Weka pia swichi ya boya ya kuizima maji yakipungua, la sivyo itazunguka kavu na kuungua.

Kwenye malipo, tenganisha mambo matatu. Bili ya maji igawanywe kwa mita ndogo za kila familia. Kama bomba ni moja uani, gawa kwa idadi ya vichwa. Pampu ndogo hula takribani uniti 15 za umeme kwa mwezi, kama shilingi 5,300, hivyo kila familia haifiki 900. Gharama ya ujenzi iingie kwenye kodi: tuseme umetumia 2,700,000, ukiirudisha kwa miezi 36 ni 12,500 kwa familia kila mwezi. Ianze mkataba unapohuishwa, siyo katikati. Bili yenyewe ibandike ukutani kila mwezi, na usomaji wa mita zote chini yake, ili kila mpangaji apige hesabu yake.