Lita 22 za Lini? Nilivyojifunza Kuandika Tangazo la Ng'ombe wa Maziwa

Ng'ombe wangu wa kwanza kumuuza nilimtangaza kwa mstari mmoja: ng'ombe mzuri wa maziwa, lita 22 kwa siku. Haukuwa uongo. Lita 22 nilizikamua kweli, tena kwa wiki kadhaa mfululizo. Ila nilizikamua mwezi wa pili baada ya kuzaa, na siku ninayoandika tangazo alikuwa ametimiza miezi saba. Mnunuzi akampeleka kwake, akakamua lita 14, na siku ya nne akanipigia simu kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Nilirudisha sehemu ya pesa, na nadhani mpaka leo ananiita tapeli.

Kosa lilikuwa kwenye tarehe. Ng'ombe akishazaa, maziwa hupanda kwa wiki nne hadi nane, yanafika kileleni, kisha yanaanza kushuka. Mwenye afya na lishe nzuri hupoteza kama asilimia 7 hadi 10 kila mwezi. Kwa hiyo namba ya lita isiyotaja ng'ombe alizaa lini haimwambii mnunuzi chochote. Lita 17 za ng'ombe aliyezaa miezi mitano iliyopita ni habari njema. Lita 17 hizo hizo za aliyezaa wiki sita zilizopita zinakwambia kwamba hapo ndipo mwisho wake, na kuanzia mwezi ujao utaona zikipungua.

Wa pili nilimtangaza hivi, na ninaliweka tangazo lenyewe kwa sababu ndilo ninaloliiga mpaka sasa:

"Ng'ombe wa maziwa, miaka 5, mzao wa tatu. Amezaa siku 150 zilizopita. Anakamuliwa mara mbili: saa 11 alfajiri lita 9, saa 10 jioni lita 8. Kilele cha mzao huu kilikuwa lita 22, wiki ya sita. Ana mimba ya siku 70, imepimwa na daktari wa mifugo. Anakula kilo 6 za chakula cha kuongezea kwa siku pamoja na majani ya kutosha. Kasoro: chuchu ya nyuma kushoto hutoa maziwa polepole. Ndama hauzwi. Kumwona ni wakati wa kukamua tu, jioni na alfajiri inayofuata."

Chini yake niliandika bei moja kwa tarakimu, na neno "mazungumzo kidogo".

Umri kwanza. Wauzaji wengi huandika "bado mdogo", na mnunuzi mzoefu anakwenda moja kwa moja mdomoni. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, kwa hiyo huangaliwa manane ya chini. Jozi ya kwanza ya meno ya utu uzima hutokea akikaribia miaka miwili, na jozi ya mwisho, ile ya pembeni, huwa imetoka kati ya miaka mitatu na nusu na minne na nusu hivi. Baada ya hapo meno hayahesabiki tena, unasoma namna yalivyosagika tu, na hilo hubadilika kulingana na ugumu wa malisho. Ndiyo maana naandika mizao pia. Wangu alizaa mara ya kwanza akiwa na miezi 29, kisha kila baada ya miezi 13 hivi, na hesabu inafika kwenye miaka mitano bila kubahatisha. Mzao wa tatu una uzuri wake: mtamba aliyezaa mara moja bado hajafika kwenye uwezo wake kamili, ila huyu keshafika na bado ana mizao ya kutosha mbele.

Bei ilinisumbua kuliko yote. Nilichofanya ni kujiuliza mnunuzi ananunua nini hasa. Mimba ni ya siku 70, na ng'ombe hubeba kama siku 280, kwa hiyo zimebaki siku 210. Miezi miwili ya mwisho lazima akaushwe apumzike, basi zinabaki siku 150 za kukamua. Akianzia lita 17 na kushuka taratibu, wastani utakuwa lita 13 au 14. Kwa hiyo aliye mbele ya mnunuzi ni ng'ombe wa lita 2,000 hivi, halafu siku 60 za kumlisha bila maziwa, halafu ndama. Thamani ya hizo lita, nikitoa chakula, ndiyo iliyoniongoza. Chini kabisa niliweka thamani ya nyama yake, maana hakuna anayeuza chini ya hapo bila shida kubwa. Juu kabisa niliweka bei ya ng'ombe wa namna yake aliyebakiza wiki chache azae, kwa kuwa huyo maziwa yake yote yako mbele. Bei yangu ikatua katikati. Wanunuzi wawili waliniambia ni ghali, nikawaonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi. Mmoja aliondoka, mwingine akabaki.

Kuhusu kumwona sina mjadala: jioni na alfajiri, zote mbili. Kuna wauzaji wanaoruka ukamuaji mmoja ili kiwele kijae, na mgeni akifika mchana anaona kiwele kimevimba kama ngoma, anashawishika. Mnunuzi akikamua jioni mpaka kiwele kikawa tupu, kisha akarudi alfajiri, hila hiyo haina pa kujificha. Na asishangae asubuhi kuzidi jioni. Kati ya saa 10 jioni na saa 11 alfajiri kuna saa 13, na mchana ni saa 11 tu.

Maziwa tuliyapima kwa mizani, tukiwa tumepima ndoo tupu kwanza. Ukisoma kwa macho kwenye ndoo, povu linakuongezea lita ambazo hazipo. Lita moja ya maziwa ni kilo 1.03, tofauti ndogo isiyostahili ugomvi. Kabla ya hapo kila chuchu ilikamuliwa michirizi michache kwenye kikombe cheusi, ili mabonge au maji yaonekane, maana hapo ndipo ugonjwa wa kiwele hujitokeza mapema. Ile chuchu ya polepole mnunuzi aliikuta akiwa ameshaisoma kwenye tangazo, akacheka, akaendelea. Ningeificha, ingekula bei yangu pale pale, na maneno yangu mengine yote yangetiliwa shaka.

Daktari wa mnunuzi alichukua damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba. Gharama ililipwa na mnunuzi, na tulikubaliana kwa maandishi kwamba majibu yakiwa mabaya malipo ya awali yanarudi yote. Majibu yalipotoka safi, alimalizia pesa na kuondoka na ng'ombe pamoja na gunia la chakula alichozoea, achanganye na chake kidogo kidogo kwa wiki moja. Nilimwandikia pia kwamba siku za kwanza maziwa yatashuka kwa sababu ya safari na zizi geni. Alinipigia siku ya tatu kuniambia ni lita 14, na nikahisi tumbo likinikaza kama zamani. Siku ya tisa akapiga tena: 16 na nusu.