Bio ya duka lako: unauza nini, unapokea oda saa ngapi, unalipwaje

Dada, nauza madera na mitandio Instagram, niko Temeke. Dera langu linaanzia 20,000, mtandio 8,000. Bio yangu ni hii: "Karibuni sana wateja wetu wapendwa, tunauza nguo nzuri za kisasa kwa bei nafuu, ubora ndio kipaumbele chetu, tunatuma mikoani." Mbona kila anayeingia inboksi anaanza na "mnauza nini, mko wapi?"

Kwa sababu hujamwambia. Nguo inaweza kuwa jinzi, sare za shule au kanzu. Kukaribisha na kusifia kumekula karibu nafasi yote, na Instagram inakupa herufi 150 tu, kuhesabu pamoja na nafasi na kuvuka mstari.

Anza na sehemu iliyo juu ya bio, ile inayoitwa Name unapofungua Edit profile. Ina nafasi yake ya herufi 64, haili zile 150, na ndiyo inayosomwa mtu anapotafuta. Wengi huweka jina lao na vimoyo viwili. Wewe andika "Madera na Mitandio Temeke", basi umeshajibu unauza nini na uko wapi kabla hujagusa bio yenyewe. Hakikisha tahajia kabla ya kuhifadhi, maana jina hilo unaruhusiwa kulibadilisha mara mbili tu ndani ya siku 14.

Bio sasa inabaki na kazi ya bei, saa na malipo:

```
Dera toka 20,000, mtandio 8,000
Oda Jtatu-Jmosi, saa 3 asubuhi-12 jioni
Ukiagiza kabla ya saa 6 mchana, inatoka leo
Lipa Namba yenye jina la duka tu
```

Nimehesabu, ni herufi 148. Bei nimeiweka mstari wa kwanza makusudi. Ule mtindo wa "bei njoo inboksi" unakuletea maongezi mengi na wanunuzi wachache, na jioni unajikuta umeandika "elfu ishirini mpenzi" mara thelathini. Habari ya mikoani nimeitoa kwa sababu haimaliziki kwa maneno mawili: basi gani, nauli ya mzigo nani analipa, mzigo unapokelewa wapi. Itengenezee posti yake uibandike juu kabisa ya ukurasa.

Niliandika "Oda 9–6". Mmoja ananipigia usiku, mwingine anakuja saa tisa alasiri anasema ndiyo kwanza mmefungua. Nani kakosea?

Umekosea wewe, nisamehe. Msomaji wa Kiswahili akiona 9 bila neno jingine anaweza kusoma saa tisa, yaani alasiri. Aliyezoea kusoma saa ya simu anaona saa tatu asubuhi. Wote wawili wako sahihi. Kibaya zaidi ni kuandika "saa 9 asubuhi", ambayo haipo kwa hesabu yoyote ya Kiswahili. Andika saa pamoja na wakati wa siku: saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Maneno "asubuhi" na "jioni" yanakula herufi kumi na mbili na yanastahili kila moja. Kama una wateja Muscat, wao wako saa moja mbele yetu, kwa hiyo ongeza "saa za Dar" ikiwa nafasi ipo.

Lakini saa za kufungua si ndizo zinazomsumbua mteja. Mtandaoni hakuna mlango. Anachotaka kujua ni kama akilipa sasa hivi bodaboda itaondoka leo au kesho, ndiyo maana mstari wa "kabla ya saa 6 mchana" una thamani kuliko ule wa juu yake. Saa hiyo usiikisie. Ihesabu ukirudi nyuma. Tuseme bodaboda wako anabeba mizigo saa 9 alasiri, kufunga oda kumi kunakuchukua saa moja na nusu, na kutafuta rangi iliyoisha na kumpigia mteja achague nyingine kunakula saa moja. Hapo umeshafika saa 6 na nusu, basi andika saa 6. Mimi nilipokuwa nauza mashuka niliandika saa 9 kwa tamaa, na wiki nzima nikawa natuma jumbe za kuomba radhi saa 2 usiku.

Kwa wanaoandika usiku, usitumie bio kuwagombeza. Kwenye WhatsApp Business weka saa zako za kazi, kisha washa Away message na uchague Outside of business hours. Itajibu yenyewe kwamba umelala na oda itashughulikiwa asubuhi.

Naogopa kuweka namba ya simu ya malipo kwenye bio. Juzi kuna mtu kafungua akaunti kama yangu, picha zangu zote, namba yake. Bora nisiweke kabisa?

Ukiacha patupu, mwizi ndiye atakayejaza. Mteja asiyejua njia yako ya kawaida hana cha kulinganisha na anachoambiwa inboksi.

Namba ya kawaida inaleta jina lako la kwenye kitambulisho, ambalo mteja halijui, hivyo jina la mwizi nalo halimshtui. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la duka inamwonyesha jina hilo kabla hajaweka namba ya siri. Akiona jina la mtu baki, anasimama. Ndiyo sababu ya kuandika "yenye jina la duka tu". Tarakimu zenyewe ziweke kwenye posti uliyoibandika juu, na jina limeandikwa vilevile linavyotokea kwenye kioo, kwa sababu jina la usajili na la ukurasa yakitofautiana umerudi palepale.

Na wewe pia usitoe mzigo kwa picha ya muamala wala kwa SMS peke yake, maana zote hughushiwa. Ingia kwenye menyu ya simu uangalie salio ndipo umwite bodaboda.

Mimi niko Mombasa, nauza viungo vya pilau na biriani. Nimeandika "M-Pesa" na namba yangu, lakini pesa nyingine zinaingia Pochi, nyingine kwa akaunti yangu binafsi. Hesabu zimenichanganya.

Mteja amepewa namba bila kuambiwa mlango. Pochi la Biashara hutumia namba ileile ya simu, kwa hiyo anayeenda Send Money anakutumia wewe binafsi, na anayepita Lipa na M-PESA kisha Pochi la Biashara analipa duka. Andika "Lipa na M-PESA > Pochi" halafu namba. Siku ukihamia Till, andika neno Till mbele ya tarakimu, la sivyo kuna atakayezipeleka Paybill na kukwama alipoulizwa namba ya akaunti.

Nimenakili bio ya Instagram kwenda TikTok, imegoma.

TikTok inakupa herufi 80. Chukua mistari miwili tu, ya bei na ya "kabla ya saa 6 mchana". Kwa yule dada wa Temeke inafika herufi 75. Malipo mwelekeze WhatsApp kwa linki ya `https://wa.me/2557XXXXXXXX`, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiiweka sifuri linki haitafungua namba yako, kwa hiyo ijaribu kwa simu ya jirani kabla hujaibandika.