Vidonge vya zambarau: usimpe mama kwa kuangalia picha

"Nimekuta vidonge hivi kwenye droo ya mama, bahasha ya kaki haina jina la dawa. Picha hiyo hapo. Ni dawa gani? Mama hapati usingizi kwa sababu ya goti, nimvunjie nusu? Na vilivyobaki nitupe wapi?"

Usimpe. Wala usivunje! Sisi huku Likoni tulikuta vya namna hiyo hiyo kabatini, vidogo, mviringo, zambarau, mjomba akiwa hana usingizi kwa mgongo. Tukapiga picha, tukaitupa kwenye grupu la ukoo. Bingwa mmoja, shahada yake ya dawa kaipata kwenye simu, akapekua tovuti ya Marekani ya kutambua vidonge akarudi na jibu: "Ya usingizi tu hiyo, mpeni." Yakhe, tovuti ile inajua vidonge vya kwao na maandishi yake. Cha huku kinaweza kufanana rangi na umbo na kikawa kitu kingine kabisa.

Kumbe ilikuwa mofini, dawa kali ya maumivu, ya miligramu 30, ile inayotoka polepole kwa saa 12, iliyoandikiwa bibi alipokuwa na saratani. Mjomba hakuwahi kuonja dawa hizo. Kumeza kulimshinda, shangazi akaitwanga, akaikorogea kwenye uji. Hapo ndipo tulipoharibu: kikisagwa, dawa ya nusu siku huachiwa karibu yote kwa mpigo. Na mjomba alikuwa keshameza diazepamu yake ya usiku, ambayo nayo hupunguza pumzi.

Tukamsikia anakoroma, tukafurahi, mzee kapata usingizi! Lakini kutikiswa haamki, mboni zimekuwa nukta, na pumzi hazifiki nane kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Hospitalini wakamchoma naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini, akafumbua macho, sisi tukaanza kutafuta viatu twende feri. Daktari akaturudisha: sindano ile huisha nguvu mapema, mofini bado imo mwilini, anaweza kuzama tena. Akalazwa. Bingwa wa grupu, hadi leo, kimya.

Sasa wewe. Nyuma ya bahasha yako naona namba ya kliniki. Ipigie kliniki hiyo, wakitazame kitabu chao, uzungumze na aliyeandika dawa. Muulize jina la dawa, nguvu yake, ni ya polepole au ya haraka, aliandikiwa nani, kama mama bado anatakiwa kuitumia pamoja na dawa zake nyingine, na vilivyobaki uvipeleke wapi. Mfamasia wa mtaani ni msaada, lakini kidonge kisicho na pakiti naye anakisia kama sisi.

Na hiyo picha ifute. Namba ya mgonjwa inasomeka, na wanaosaka bugizi, vidonge vya kulewea, hapa mjini hawahitaji kuelekezwa mara mbili. Vidonge vifungie kwa kufuli, mle mle kwenye bahasha yake, usivihamishie kwenye kichupa cha Panadol.