Mkaguzi akijitoa, ndiyo hati chafu?

"Wakaguzi wa ushirika wetu hapa Wete wameleta barua ya kujitoa, uongozi umewanyima taarifa za benki. Ndiyo tumepata hati chafu?"

Hapana, dada. Hati chafu ni maoni ya mkaguzi kuwa hesabu hazioneshi hali halisi, na hawa hawakutoa maoni yoyote. Kaka aliyejibu juu kuwa wangebaki yuko sawa nusu: wangeweza kubaki na kuandika kuwa wameshindwa kutoa maoni. Lakini kilichozuiwa kikiweza kugusa hesabu nzima, kanuni ya kimataifa ya ukaguzi, ISA 705, inawataka kwanza wajitoe, ikiwa sheria inaruhusu. Kwenu nyinyi, mrajis wa vyama vya ushirika ndiye wa kuulizwa hilo.

Nimefanya ukaguzi miaka minane. Barua hii haiji ghafla: huombwa rekodi, uongozi ukatae, kisha bodi ijulishwe. Kwa hiyo isomeni muone inataja rekodi zipi zilizozuiwa na ziliombwa lini. Haikutaja? Iulizeni bodi yenu, maana ilipaswa kuarifiwa kabla. Barua peke yake haithibitishi wizi, msimtuhumu mtu. Ila kuajiri mkaguzi mwengine na kunyamaza hakufai, kwani naye atataka kumuuliza wa mwanzo kwa nini aliondoka, na uongozi ukikataa asiulize, hiyo ni dalili mbaya.